Mtoto anapanda treni ya Dar bila wazazi: mwongozo wa kutokea Moshi

Askari aliuliza swali moja tu. "Huyu uliye naye ni nani yako?" Mtoto, miaka tisa, akajibu bila kusita: "Dada." Barua aliyoshika mdogo wangu wa kike ilisema yeye ni mama mdogo wa mtoto huyo. Hapo ndipo begi likashushwa, na maswali yakawa mengi.

Mtoto hakudanganya. Mdogo wangu ana miaka ishirini na mitatu, wamelala chumba kimoja tangu mtoto akiwa chekechea, na nyumbani kwetu hapa Moshi kila mtu anamwita dada. Lakini askari hajui mambo ya nyumba yenu. Anachokiona ni msichana mdogo na mtoto wa kiume wenye majina mawili ya ukoo tofauti, wanaelekea Dar, na maelezo yao hayalingani. Kama angewaacha wapite bila kuuliza zaidi, ningemshangaa.

Treni walipanda, kwa sababu karatasi zilikamilika. Nazieleza karatasi hizo hapa hatua kwa hatua, pamoja na mambo mengine ambayo sisi wa Moshi na Arusha tunakosea kwa kuwa tumezoea basi. Treni ya abiria ilirudi Moshi mwezi Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini. Wazazi wengi wa rika langu tulikua bila treni. Tulichojua ni kumkabidhi mtoto kwa konda, kumpa konda namba ya simu, na mtu kusubiri stendi upande wa pili. Kwenye treni utaratibu huo haufanyi kazi, na sababu nitaieleza.

Hatua ya 1: Tenganisha umri wa nauli na umri wa kusafiri peke yake

Haya ni mambo mawili na watu huyachanganya kila siku. Kwenye treni ya umeme ya SGR inayotoka Dar kwenda Morogoro na Dodoma, mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, na wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu. Safari ilipoanza mwaka 2024, nauli ya Dar hadi Morogoro kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima na 6,500 kwa mtoto. Mzazi akisoma hapo anasema, kumbe mtoto wa miaka kumi ana tiketi yake, basi anaweza kwenda. Hapana. Kipimo hicho ni cha pesa. Hakisemi lolote kuhusu nani anamlinda mtoto usiku kati ya Same na Korogwe.

Kila reli nayo ina kipimo chake. Ukivuka Holili kwenda Taveta na kupanda treni ya Kenya pale Voi, nusu nauli inaanzia miaka 3. Mtoto wa miaka mitatu na nusu asafiriye bure huku, kule anakatiwa tiketi. Kwa hiyo dirishani usitaje umri kwa kukadiria. Toa cheti cha kuzaliwa, karani asome tarehe. Mtoto mrefu wa miaka kumi na mbili hukataliwa nusu nauli mara nyingi kuliko mnavyodhani, na cheti ndicho kinachomaliza ubishi.

Umri wa tatu, ambao ndio askari anaoutazama, ni wa kisheria: kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kijana wako wa kidato cha tatu anayelipa nauli nzima na kuota ndevu bado ni mtoto mbele ya askari huyo.

Hatua ya 2: Amua kama aende peke yake. Kwa treni ya usiku, mimi nasema hapana

Treni ya kutoka Arusha na Moshi hulala njiani. Inaondoka mchana na kuingia Dar siku ya pili. Hilo peke yake linatosha kuamua.

Chukua mfano wa Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani, ambalo limeandika masharti yake wazi. Chini ya miaka 13 mtoto hasafiri bila mtu mzima. Wa miaka 13 hadi 15 anaruhusiwa peke yake kwa masharti: mzazi asaini fomu ya ridhaa, mfanyakazi wa stesheni azungumze na mtoto kwanza aone kama anaweza, stesheni ya kupandia na ya kushukia zote ziwe na wafanyakazi, asibadilishe treni njiani, safari isiwe ya usiku, na avae ukanda wa mkononi wa kumtambulisha. Nauli analipa ya mtu mzima. Kuanzia miaka 16 anasafiri kama watu wengine.

Masharti hayo si yetu na hayamfungi mtu hapa. Nimeyaleta kwa sababu kila moja linajibu hatari fulani, na unaweza kuyageuza kuwa maswali ya nyumbani. Je, safari ni ya usiku? Yetu ndiyo. Je, anabadilisha treni? Anayekwenda Dodoma kwa kupitia Dar, ndiyo. Je, kuna mtu aliyezungumza na mtoto na kuona anajua kusoma jina la stesheni na kukataa kushuka na mgeni? Kwa kipimo hicho, hata kijana wa miaka 15 hapiti kwenye treni ya Moshi hadi Dar. Wa miaka 16 au 17 mwenye akili iliyotulia, kwa daraja la kukaa, nitamruhusu. Mdogo zaidi ya hapo apate ndugu.

Hatua ya 3: Chagua ndugu, kisha kata tiketi mkiwa mnajua mtoto atalala wapi

Hili hutalisoma kwenye tangazo lolote. Daraja la pili kulala lina vyumba vya vitanda sita, na utaratibu wa siku nyingi kwenye treni zetu ni wanawake chumba chao na wanaume chao, isipokuwa mkilipia chumba kizima. Mtoto wa kiume wa miaka tisa akisafiri na mama mdogo, tiketi zikikatwa moja moja bila maelezo, unaweza kukuta kijana yuko chumba cha wanaume watano asiowajua na mama mdogo yuko mlango wa nne kutoka hapo.

Basi mwambie karani mapema: ni mtoto wa umri huu, yuko na mwanamke huyu, wawe chumba kimoja, na mtoto apewe kitanda cha chini. Tiketi zote mbili zikatwe kwa pamoja. Ukishazipata, soma namba ya behewa na ya kitanda pale pale dirishani, si nyumbani. Kama mtoto wa kiume amefika miaka kumi na miwili hivi, wanawake wengine chumbani watalalamika, nao wana haki. Hapo bora asafiri na baba mdogo au mjomba, au wote wawili wakae daraja la kukaa, viti vya pamoja, mtoto upande wa dirisha na mtu mzima upande wa njia.

Mwanzoni mwa Januari, watu wanaporudi Dar baada ya Krismasi, huwezi kuchagua chochote. Wakati huo kata mapema au ahirisha.

Hatua ya 4: Andika barua inayojibu maswali matatu

Barua nyingi nilizowahi kuona zinajibu mawili: mtoto ni nani, na yuko na nani. La tatu huachwa, nalo ndilo zito: anakwenda kwa nani? Maafisa wanaoangalia watoto safarini wanatafuta watoto wanaopelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na mtoto wa namna hiyo huwa na msindikizaji mwenye maelezo mazuri lakini mpokeaji asiyejulikana. Barua isiyo na mpokeaji inafanana na hali hiyo hata kama nia yenu ni safi.

Hii ndiyo tuliyoandika sisi. Weka ya kwako kwenye nafasi zilizo wazi:

"Mimi ………, mama mzazi wa ………, aliyezaliwa tarehe ………, mwanafunzi wa darasa la nne, nimemruhusu mtoto wangu kusafiri kwa treni kutoka Moshi hadi Dar es Salaam tarehe ………, akiwa na ………, ambaye ni mdogo wangu wa kuzaliwa, namba ya NIDA ……… Mtoto anakwenda likizo kwa mjomba wake ………, namba ya NIDA ………, mkazi wa mtaa wa ………, simu ………, ambaye atampokea stesheni. Atarudi Moshi kabla ya tarehe ……… kwa kuwa shule inafunguliwa. Msindikizaji anaruhusiwa kumpeleka mtoto hospitali ikihitajika. Simu yangu ni ………"

Chini yake mama akasaini, na baba akasaini. Kama wazazi wote wawili wapo na wanalea, wasaini wote, maana ugomvi wa wazazi ndio chanzo kingine cha mtoto kuzuiwa safarini. Kama mmoja amefariki, ambatanisha nakala ya cheti cha kifo. Kama analelewa na bibi kwa amri ya mahakama au ya ustawi wa jamii, bibi asaini na nakala ya amri iwepo.

Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Mwenyekiti au mtendaji athibitishe kwa saini na muhuri kwamba anaifahamu familia. Mwombe aandike na namba yake ya simu. Muhuri bila mtu wa kumpigia ni wino tu. Kwa safari ya ndani ya nchi barua hiyo inatosha. Kwa kuvuka mpaka, Holili au Namanga, nenda kwa wakili ukaape hati ya kiapo, na mtoto awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria ya kwake mwenyewe.

Hatua ya 5: Unganisha majina

Sasa turudi kwa yule askari. Mtoto ana ukoo wa baba yake, tuseme Massawe. Mama mdogo ana ukoo wa babu upande wa mama, tuseme Mushi. Kwenye kitambulisho hakuna kinachoonyesha kwamba ni ndugu. Kilichotuokoa ni kwamba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kile cha RITA, kinaandika jina la mama. Jina la mama lilikuwa na majina ya baba yake, na kitambulisho cha NIDA cha mama mdogo kilikuwa na majina hayo hayo mawili ya baba. Askari aliziweka karatasi mbili sambamba, akafuata kwa kidole, akaona mabinti wawili wa mzee mmoja. Ikaisha.

Fanya zoezi hilo mezani kwako kabla ya siku ya safari. Chukua cheti cha mtoto na kitambulisho cha ndugu, utafute jina linalokutana. Shangazi huwa rahisi kwa sababu ana ukoo mmoja na mtoto, ila kama kitambulisho chake kina jina la mume, kamba inakatika. Mjomba hukutana na mtoto kwa jina la mama, kama mama mdogo. Jina lisipokutana popote, au likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti, ongeza cheti cha kuzaliwa cha ndugu huyo, na barua itaje tofauti hiyo waziwazi.

Halafu kaa na mtoto. Usimkaririshe hadithi, mtoto aliyekaririshwa hujulikana kwa macho. Mwambie tu: "Ukiulizwa, sema jina langu kamili, na useme huyu ni mama mdogo, mdogo wake mama. Nyumbani unamwita dada, sawa, lakini mtu asiyetujua mwambie mama mdogo." Mwulize pia anakwenda kwa nani. Kama hajui, mwambie sasa.

Hatua ya 6: Jua wafanyakazi wa treni wanaweza nini

Konda wa basi ni mmoja, na akigeuka anaona viti vyote. Treni ni mabehewa mengi. Kuna mhudumu wa behewa, kuna mkagua tiketi anayepita na kuondoka, kuna gadi, kuna askari. Mhudumu ana kazi ya kugawa vitanda, kufungua na kufunga milango, na kushughulika na watu wanaopanda na kushuka usiku wa manane kila stesheni. Ukimpa elfu tano umwambie "naomba umwangalie mwanangu", atasema sawa, na atakuwa anasema kweli kwa moyo wake. Lakini hajasaini popote, na akiwa mlangoni behewa likisimama Mombo hawezi kuwa chumbani kwa mtoto. Ulinzi wa mtoto ni wa msindikizaji. Wafanyakazi ni msaada wa pili.

Msaada huo uuombe vizuri. Mkishapanda, msindikizaji amtafute mhudumu wa behewa lenu, amwonyeshe mtoto kwa sura, amwambie: huyu anashuka Dar na mimi, mtu mwingine akija kumchukua njiani usimruhusu. Sentensi hiyo ni fupi, haimwongezei kazi, na anaikumbuka. Mkiona abiria anayemsumbua mtoto, au mtoto amewekwa chumba kisichofaa, mwambieni mkagua tiketi akipita, na kama hakuna mabadiliko, askari wa treni. Msisubiri asubuhi.

Sheria za ndani ya behewa ziwe mbili tu ili mtoto azishike. Haendi chooni wala kantini peke yake, na hashuki kununua kitu stesheni hata kama treni imesimama muda mrefu. Treni huondoka bila haraka, ndiyo maana watu hudhani wataidaka. Mtu mzima anaweza. Mtoto mwenye mahindi ya kuchoma mkononi hawezi, na ngazi za behewa ziko juu.

Simu ya msindikizaji ikizima usiku mzima, mpango wote unakuwa gizani, kwa hiyo beba betri ya akiba. Namba za wazazi na za mpokeaji ziandikwe pia kwenye karatasi iliyo mfukoni mwa mtoto, si kwenye begi.

Hatua ya 7: Makabidhiano

Hapa ndipo sisi tuliharibu. Kaka yangu alikwenda "stesheni", akasubiri kwenye stesheni mpya ya treni ya umeme, ile inayoitwa Magufuli. Treni ya Moshi iko kwenye reli ya zamani na haiingii pale. Mdogo wangu na mtoto walisimama upande mwingine na mizigo kwa zaidi ya saa nzima, na yeye kaka alianza kuamini hawakupanda. Siku moja kabla, mwulize karani wa Moshi jina la stesheni ambayo treni yenu inaishia, uliandike kwenye ujumbe kwa mpokeaji, naye akujibu kwa kulirudia.

Treni huchelewa. Mpokeaji asipange na kazi saa mbili baadaye. Msindikizaji ampigie wakiwa wamebakiza kama saa moja, na asitoke eneo la stesheni mpaka waonane. Mtoto asikabidhiwe kwa dereva wa bodaboda aliyetumwa, wala kwa jirani wa mpokeaji, hata kama anataja majina yote sawasawa. Mpokeaji aonyeshe kitambulisho, namba ilingane na ya kwenye barua. Ni ndugu, ndiyo, na atacheka. Mwache acheke. Kisha apigwe picha na mtoto, picha itumwe kwa mama.

Mtoto akipotea njiani au akibaki stesheni, msindikizaji amwambie gadi au askari wa treni papo hapo, ili stesheni ya nyuma na ya mbele zipigiwe. Wewe uliye Moshi nenda stesheni ukamwone mkuu wa stesheni, na piga 112 ya polisi. Namba 116 ni ya huduma kwa mtoto, haitozwi, na watakuunganisha na afisa ustawi wa jamii wa eneo husika. Mtoto aliyeokotwa hupelekwa dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi au kwa afisa huyo, na hawatamtoa kwa maneno. Watataka cheti na barua. Ndiyo maana wewe nawe ubaki na nakala nyumbani.

Cheti halisi kirudi na msindikizaji, mpokeaji abaki na nakala na barua. Tulikiacha chetu Dar, na Januari shule ilipokidai tulikisubiri siku sita kije kwa basi.